Toa Bodaboda, Weka Besi

Ukitaka kumkomesha dizaina, usimtukane. Mtumie picha WhatsApp saa tano usiku, chini yake uandike: "Toa visivyohitajika, weka vinavyohitajika, ipendeze. Tunaitaka kesho asubuhi." Kisha chomeka simu kwenye chaji, ulale. Ukiamka utakuta bango limekwisha, mbuzi katolewa, bodaboda ipo palepale, na wewe una haki zote za kulalamika, maana kila mwenye macho anaona kwamba bodaboda haihitajiki. Dizaina naye atakujibu kwamba alidhani ni ya mchungaji.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa kamati, hasa kamati za uzinduzi. Tuchukue kwaya ya mtaani inayozindua albamu. Wanakwaya kumi na sita wamesimama mbele ya kanisa, mistari miwili, majoho rangi ya damu ya mzee. Ni saa nne asubuhi, jua linatokea kushoto, vivuli vimelala kulia. Nyuma yao kuna ukuta wa matofali ya kuchoma, juu yake paa la bati na kipande cha anga. Mpiga picha aliwaambia watabasamu, wakatabasamu. Hakuna aliyewaambia watazame nyuma. Kwa hiyo kulia ipo bodaboda, mbele ya miguu ya soprano mmoja ipo ndoo ya bluu, nguzo ya umeme inaonekana kuota kichwani mwa soprano mwingine, kijana anakatiza na jezi ya timu ambayo mwenyekiti hataki hata kuisikia, na pembeni kushoto mbuzi ametulia anatazama kamera kuliko wanakwaya wote. Juu ya hayo, besi mkuu alisafiri siku hiyo, na alto mmoja aliyemo pichani amekwisha kuhamia kwaya ya pili. Kamati imeamua: besi aingie pamoja na kinanda, alto atoke.

Kosa la kwanza lenye hadhi ni kuiharibu picha kabla haijamfikia dizaina, na njia zipo nyingi. Bora kuliko zote ni kuifungua kwenye skrini, kuipiga skrinishoti pamoja na saa, chaji na jina la mtandao juu yake, kisha kuituma hiyo. Inayofuata kwa ubora ni kuituma WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp huibana ipite haraka, na upande mrefu hubaki na pikseli kama 1600 hivi. Kwenye simu inatosha kabisa. Sasa iweke kwenye bango la A3 lililosimama wima, lenye upana wa milimita 297, yaani inchi 11.7. Gawanya: unapata pikseli 137 kwa kila inchi, wakati mchapaji anataka 300. Picha ileile ikitoka moja kwa moja kwenye simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4032 kwa upana, na hesabu inakuwa 345. Tofauti utaiona kwenye nyuso. Watu wanane wakibanana katika mstari mmoja, uso wa kila mmoja kwenye ile picha iliyobanwa unabaki na pikseli kama sabini tu, na dizaina anatakiwa atoe nguzo ya umeme kwenye ukingo wa kilemba bila kukwangua sikio. Kama kweli unataka kazi nzuri, jambo ambalo sikulazimishi, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua `Document`, kisha itafute picha yako humo. Itakwenda kama faili, nzima, na bando lako litalia kidogo.

Kosa la pili ni kuelekeza kwa kushoto na kulia bila kusema ni kwa nani. "Mtoe yule mama wa kulia." Kulia kwangu ninayetazama, au kulia kwake aliyesimama? Kwaya zimewahi kupoteza mhasibu kwa sentensi hiyo. Usisahau pia kutaja watu kwa vyeo vyao: mtoe mke wa mzee wa kanisa wa zamani, msogeze Mama Mhasibu. Dizaina hasali kwenu. Kwake wote ni watu kumi na sita wenye majoho, na pengine mbuzi ndiye pekee anayeweza kumtofautisha.

Dawa ya jambo hili ni ya kitoto. Fungua nakala ya picha kwenye simu, chukua ile kalamu ya kuchorea, andika namba juu ya kila kinachotoka na herufi pale kitakapokaa kila kinachoingia. Mtumie nakala hiyo kama ramani, pembeni ya picha safi. Usimtumie ramani peke yake, maana atalazimika kwanza kufuta namba zako ndipo aanze kufuta bodaboda.

Sasa tufike kwenye kutoa, ambako kamati nyingi huamini kwamba kitu kikitolewa, kilichokuwa nyuma yake kinajitokeza chenyewe. Nyuma ya bodaboda katika picha hakuna kitu. Kamera haikuona ukuta uliofunikwa na tangi la mafuta, kwa hiyo ukuta huo haupo popote, si kwenye simu yako wala kwenye kompyuta ya dizaina. Ukiitoa bodaboda unapata tundu lenye umbo la bodaboda, na tundu linazibwa kwa kukopa: kipande cha ukuta kutoka upande huu, kipande cha udongo kutoka upande ule. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuandika "toa" ni hili: pale pakae nini, na kitakopwa wapi?

Wafutaji picha wa Kisovieti walilijua hilo kabla kompyuta hazijafika mezani kwa mtu. Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipigwa picha akiwa pembeni ya Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Akapoteza upendeleo wa Stalin, akauawa mwaka 1940, na baadaye picha ikatoka bila yeye. Mahali pake palijazwa maji ya mfereji. Yezhov aliwarahisishia kazi kwa mambo mawili: alikuwa mwisho wa safu, na nyuma yake kulikuwa na maji, ambayo yanafanana na maji mengine. Kama angesimama katikati, mkono wake uko begani kwa Stalin, wale mafundi wangetoka jasho.

Alto wetu yuko katikati. Mstari wa nyuma, wa nne kutoka kushoto, na mkono wake uko begani kwa wa tatu, kwa sababu siku hiyo bado walikuwa wanapendana. Hapo ndipo mabango mengi huumbuka. Mtu anatolewa vizuri kabisa, ukuta unazibwa, tofali baada ya tofali, bango linabandikwa, halafu mtoto wa miaka sita anauliza mbele za watu: "Mama, huu mkono ni wa nani?" Mkono unasahaulika kwa sababu tumezoea kumhesabu mtu kwa kichwa chake. Ukiandika kwamba mtu atoke, mfuate kwa macho mpaka vidole: kagua mkono, kivuli, pindo la joho lililopita mbele ya jirani, na sura yake kwenye kioo cha dirisha kama lipo. Mkono ukiondolewa begani, bega lile nalo halina kitambaa chini yake, hivyo kinakopwa kutoka bega la mwanakwaya mwingine mwenye joho hilohilo. Kwaya iliyoshona sare imemsaidia dizaina bila kujua.

Vivuli vina tabia kama ya mikono. Bodaboda imeondoka, kivuli chake kimebaki kimelala kwenye udongo na usukani wake wote, kama pikipiki ya mizimu. Na ukitaka kujua kama tundu lilizibwa kwa haraka, usitazame pale kilipokuwa kitu, tazama marudio. Tafuta jiwe lenye pembe au tofali lenye ufa. Ukiliona mara mbili, na mara ya tatu kwa mbele kidogo, ujue dizaina alikopa sehemu moja na kulipa sehemu tatu. Nguzo ya umeme ni rahisi kwenye anga, maana anga ni rangi tupu. Shida yake iko chini, pale inapogusa kichwa. Soprano wetu amefunga kilemba, ukingo wake umekatika safi, kazi ni ya dakika chache. Angeacha afro, kila unywele ungekuwa na kesi yake.

Tukitoka kwenye kutoa, tunaingia kwenye kuweka, na hapo kamati hutuma pasipoti saizi. Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba picha ya kitambulisho inafaa kwa kila jambo. Besi anatumwa akiwa amekatwa kifuani, mandhari ya bluu, mwanga wa flashi umempiga usoni kutoka mbele, ana shati la mikono mifupi, na hacheki kwa sababu studio walimkataza. Huyo ndiye anayetakiwa asimame katikati ya watu wenye majoho, wanaocheka, ambao shavu moja linang'aa jua na lingine lina kivuli. Hata akikatwa kwa ustadi wa daktari wa upasuaji, atabaki na uzi wa bluu kuzunguka nywele, na uso wake utakuwa sawasawa pande zote kama sahani. Mtazamaji hatajua kasoro ni nini. Ataona tu kwamba besi amefariki.

"Basi si umchukue kichwa tu, umwekee mwili wa mwingine?" Wazo hili huja kila mara, na lina umri mkubwa. Maktaba ya Bunge la Marekani inayo picha ya Jenerali Ulysses Grant juu ya farasi, nyuma yake kambi imejaa watu. Walipoichunguza wakaona kwamba imeungwa kutoka picha tatu: kichwa ni cha Grant, mwili na farasi ni vya jenerali mwingine, na wale walio nyuma ni wafungwa wa vita kutoka mahali pengine kabisa. Iliwezekana, naam, na ilipita muda mrefu kabla ya watu kuistukia. Lakini aliyeitengeneza hakuwa na besi hai anayeweza kupigiwa simu.

Besi wetu amerudi safari, joho lake limetundikwa nyumbani. Njia fupi ni aende palepale mbele ya kanisa, saa nne asubuhi, siku ya jua, avae joho, asimame sehemu ileile na kutazama upande uleule. Anayempiga picha asimame mbali kama alivyosimama mpiga picha wa kwanza, simu ikiwa usawa wa kifua. Selfi hapana, kwa sababu kamera ikiwa karibu pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, na hakuna dizaina wa kuyarudisha. Kwa kuwa atakaa mstari wa nyuma, miguu yake haitaonekana, hivyo kutoka kiunoni kwenda juu panatosha. Ukikosea ukampiga saa kumi jioni, jua litakuwa upande wa pili wa uso, na mtu mwerevu kwenye kamati atasema picha igeuzwe tu. Ikigeuzwa, jua litakaa sawa, na jina la kwaya lililotariziwa kifuani litasomeka kinyumenyume.

Hapa pia kuna ushauri ambao nautoa bure. Kwaya ina tundu moja mstari wa nyuma, nafasi ya nne, na ina mtu mmoja wa kuingiza, ambaye ni mrefu na ana kifua kipana. Mweke besi pale alipotoka alto. Atafunika sehemu kubwa ya ukuta ambao ungeshonwa upya, na deni la matofali linapungua. Kamati zinazotoa katikati na kuweka pembeni hulipia matundu mawili.

Kwa hiyo, mwenyekiti akiamua siku moja kuwa na huruma, ujumbe wake kwa dizaina utafanana na huu:

"Habari za asubuhi kaka. Nimekutumia faili nne kama Document: kwaya.jpg ndiyo picha ya kufanyia kazi, ramani.jpg ina namba na ni ya kutazama tu, besi.jpg na kinanda.jpg ni vya kuweka. Bango ni A3 wima, la kuchapwa. Picha ichukue upana wote sehemu ya chini, juu pabaki anga la maandishi. Nikisema kushoto au kulia ni kwa anayetazama picha.

TOA: 1. Bodaboda ya kulia na kivuli chake. Pawe ukuta na udongo. 2. Ndoo ya bluu mbele ya soprano wa pili kutoka kushoto. Imeficha viatu vyake. Viatu vya jirani yake wa kulia ni aina ileile, kopa hapo. 3. Nguzo ya umeme na nyaya zote mpaka ukingo wa picha. 4. Kijana mwenye jezi, kulia nyuma ya bodaboda. 5. Alto, mstari wa nyuma, wa nne kutoka kushoto, pamoja na mkono wake ulio begani kwa wa tatu.

WEKA: A. Besi, mahali pa namba 5. Amzidi wa tatu nusu kichwa, ndivyo alivyo. Mabega ya walio mstari wa mbele yapite mbele yake. B. Kinanda na stendi yake, chini kulia, kivuli kielekee kulia kama vingine. C. Anga liongezwe kwenda juu, rangi ileile, bila mawingu mapya.

USIGUSE: nyuso, rangi za ngozi, rangi ya majoho, mbuzi.

Majibu ya marekebisho utayapata kwangu peke yangu."

Utaona kwamba sehemu ya tatu ni fupi na ndiyo yenye thamani. Dizaina asiyekatazwa huwa anasaidia. Atawalainisha nyuso mpaka akina mama wote wawe na umri wa binti zao, na kumfanya mweupe mtu asiyeomba. Kuhusu mbuzi, nakiri nina upendeleo. Yuko pembeni, amesimama vizuri, jua limempata, na kumtoa ni kutoboa tundu ambalo halikuwa na sababu. Bango la kwaya ya mtaani lenye mbuzi halimdanganyi mtu.

Sentensi ya mwisho ya ujumbe ndiyo ngumu kuitekeleza, maana kuna grupu la kamati. Bango la majaribio likishatupwa humo, mmoja ataandika "safi sana", wa pili atauliza mbona maua hayapo, wa tatu atatuma picha ya maua aliyoyapata mtandaoni yenye alama ya muuzaji katikati, na wa nne, aliyelala mchana kutwa, ataandika "safi sana" akijibu maua. Dizaina aliyemo kwenye grupu hilo hana tena mteja mmoja, ana baraza. Kama unamtakia mema, mwache nje, kusanya mapendekezo mpaka jioni, yafanye yawe orodha moja yenye namba zilezile za mwanzo, na yanayogongana uyaamue wewe kwanza. Mkifanya hivyo mtakosa burudani ya faili liitwalo `bango_mwisho_kabisa_3_hili_ndilo.jpg`, lakini si kila raha ina faida.

Na kuna ombi moja ambalo haliji kwenye grupu. Linakuja faraghani, usiku, kutoka kwa mtu mzima. Kwa kwaya hii lilitoka kwa mzee aliye mwisho kulia mstari wa mbele: "Kijana wangu, shikamoo hunipi siku hizi? Hebu nipunguzie kitambi kidogo, Mungu atakubariki." Hili nalo ni kutoa, tena katika yale magumu, kwa sababu kitambi hakitolewi, kinasukumwa ndani, na kinaposukumwa huvuta kila kilicho jirani. Nyuma ya mzee kuna ukuta wa matofali, na mistari ya udongo kati ya matofali imenyooka. Ukikibonyeza kiuno chake, mistari ile inajikunja kumfuata kama maji yanayozunguka jiwe, na yeyote atakayelitazama bango ataona ukuta wa kanisa umebonyea usawa wa tumbo la mzee. Kuinyoosha upya mstari mmoja mmoja inawezekana, kwa malipo ambayo hayamo kwenye bajeti ya uzinduzi.

Nilimjibu shikamoo, nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kusogeza herufi B kushoto kidogo. Mzee sasa amesimama nyuma ya kinanda. Hajui hata noti moja, lakini baada ya uzinduzi wamempigia simu kutoka sharika mbili kumwuliza kama anafundisha.